Hela Imeshakaa Juu ya Paa

Mkataba wetu wa nyumba niliuchapa mwenyewe. Nina steshenari ndogo hapa Bagamoyo, si mbali na stendi, na kwa miaka mingi nimechapa mikataba ya pango ya nusu ya watu ninaosalimiana nao njiani. Mwenye nyumba huja na karatasi aliyoandika kwa kalamu, mpangaji husimama pembeni akihesabu noti, nami hufungua faili la zamani kwenye kompyuta, nabadilisha majina, tarehe na kiasi cha kodi. Vingine vyote hubaki kama vilivyo. Kifungu cha saba cha faili hilo kilisema hivi: mpangaji akitaka kuhama kabla ya muda kwisha atatoa notisi ya miezi mitatu kwa maandishi, na kodi iliyokwishalipwa haitarudishwa.

Sikumbuki nilikitoa wapi kifungu hicho. Tulipohamia nyumba ya Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, mimi na mama, nilikichapa tena, nikasaini chini yake na wala sikukisoma.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili, sebule, jiko la nje na kisima kilichofunikwa. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Februari hadi 31 Januari, kodi kulipwa kwa mikupuo miwili ya miezi sita. Tarehe 1 Agosti nilimpelekea Bi Mkubwa, mwenye nyumba wetu, mkupuo wa pili, shilingi 900,000. Alizihesabu mara mbili, akanipa risiti na mkungu wa ndizi.

Mama alianza kutokwa damu mwezi huohuo, naye alikuwa amekwishakoma hedhi zaidi ya miaka kumi. Hospitali ya wilaya walimkata kinyama, na katikati ya Septemba majibu yakarudi: saratani ya mlango wa kizazi. Tukapewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Huko, baada ya vipimo vya damu, figo na picha, tulielezwa mpango wa matibabu, na mpango huo ndio uliotuhamisha.

Naueleza kwa sababu niligundua baadaye kwamba mwenye nyumba naye alihitaji kuuelewa. Mama alipangiwa mionzi ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Mara moja kila wiki angewekewa dripu ya kemo, na kabla ya kila dripu apimwe damu na figo. Baada ya hapo ingekuja mionzi ya ndani, ambayo hutolewa kwa mizunguko michache. Daktari alitusisitizia jambo moja kuliko yote: kwa ugonjwa huu yote hayo yanatakiwa kumalizika ndani ya wiki nane. Matibabu yakirefuka kwa kukosa siku hapa na siku pale, nafasi ya kuushinda uvimbe hupungua, kwa sababu chembe zilizobaki hupata muda wa kuzaliana tena. Siku iliyokosekana haijilipi yenyewe mwishoni kama deni la dukani.

Bagamoyo hadi Dar ni kilomita 65 hivi. Mtu mzima mwenye afya huondoka alfajiri na basi la Makumbusho, akaunganisha gari la Posta, akafanya kazi yake na kurudi jioni. Wapo wanaofanya hivyo kila siku. Lakini mama aliagizwa aingie kwenye mashine akiwa na kibofu kilichojaa, kwa sababu kibofu kilichojaa husukuma utumbo mbali na njia ya mionzi. Anywe maji, akae nayo, kisha alale asitikisike. Na kuanzia wiki ya pili au ya tatu mionzi ya nyonga huleta kuhara na uchovu. Jaribu kumweka mtu huyo kwenye foleni ya Tegeta saa moja asubuhi, amebana mkojo au amebanwa na tumbo, na kesho yake tena, na kesho kutwa, mara 25. Tulijaribu safari tatu tu za vipimo. Ya tatu mama aliniambia, akiwa ameegemea dirisha la basi, "Mwanangu, hii safari ndiyo itakayoniua, si huo ugonjwa."

Mionzi ilipangwa kuanza wiki ya kwanza ya Novemba. Tulihitaji chumba Dar kuanzia mwisho wa Oktoba, na tulikuwa tumekwishalipia nyumba ya Bagamoyo hadi Januari. Novemba, Desemba na Januari: shilingi 450,000 zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Hapa nilikosea, na kosa lenyewe nimeliona kwa wateja wangu wengi tangu hapo. Niliandika ujumbe wa simu usiku, nikiwa nimechoka, nikamtumia mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa anayekaa Dar, ambaye ndiye humsaidia mambo ya nyumba. Niliandika kwamba mama ni mgonjwa sana, tunahama mwisho wa Oktoba, naomba turudishiwe kodi ya miezi mitatu. Akajibu kwa maneno mawili: "Soma mkataba."

Niliusoma. Kwa mkataba ule alikuwa na haki. Notisi ya miezi mitatu iliyotolewa mwisho wa Septemba ingeisha mwisho wa Desemba, kwa hiyo hata nikihesabu kwa upole, mwezi pekee ambao ningeweza kusema ni wangu ni Januari, na nusu ya pili ya kifungu ilikuwa imeshaufunga mlango wa Januari nao.

Nilikwenda kumwuliza wakili mmoja ambaye huniletea kazi za kuchapa. Nilikuwa na matumaini kwamba sheria ina mahali pa mgonjwa. Alinijibu kwa upole, ila hakunificha. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba hubanwa zaidi na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na kile walichoandikiana wenyewe. Ugonjwa wa mpangaji hauvunji mkataba wa pango. Nikamwuliza kuhusu Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, kile kinachosema mkataba hufa pale jambo lililoahidiwa linapokuwa haliwezekani tena. Akasema kifungu hicho kingenifaa kama nyumba ingebomoka. "Nyumba ipo, mlango unafunguka, kodi imelipwa. Aliyeshindwa kukaa ni ninyi." Akaniambia jambo jingine lililonisaidia zaidi kuliko alivyodhani: kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo kinapopima hasara ya upande uliovunjiwa mkataba, kinataka pia iangaliwe ni njia gani zilikuwepo za kuipunguza hasara hiyo. Yaani mwenye nyumba hawezi kukaa na nyumba tupu mwaka mzima, akiwakataa wapangaji wanaobisha hodi, halafu akadai kodi yote kwa aliyehama.

Lakini hoja hiyo ina nguvu kwa mpangaji ambaye bado hajalipa. Sisi tulikuwa tumelipa mbele. Katika miji yetu, ambako kodi hulipwa miezi sita au mwaka kabla, anayetakiwa kwenda kudai ni mpangaji, na anayekaa na hela ni mwenye nyumba. Ningeweza kuanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, kisha nikashindwa huko na kupanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama angekuwa amemaliza mionzi yote kabla shauri halijatajwa mara ya pili.

Tarehe 3 Oktoba nilikwenda kwa Bi Mkubwa mwenyewe, kwa miguu, bila kupiga simu. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

Nikamwambia hajambo kidogo. Nikakaa chini mkekani, tukachambua mchele kwanza. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Mwanangu aliniambia mnataka hela. Mimi hela yako sina. Sikufichi. Hela imeshakaa juu ya paa." Akaonyesha kwa kidole. Nyumba yake ya uani ilikuwa na bati jipya, linang'aa.

Sentensi hiyo ilinifungua macho. Siku zote nilikuwa nikiifikiria ile 450,000 kama fedha iliyowekwa mahali, ambayo mtu anakataa kuitoa. Kumbe haikuwepo. Mwenye nyumba mwenye nyumba moja au mbili hapokei kodi ya miezi sita na kuila kidogokidogo kila mwezi. Huipokea na siku hiyohiyo inakwenda kwenye bati, ada ya mjukuu, au deni la mbao. Ukimwambia "nirudishie", unamwomba akakope. Atakataa hata kama anakuonea huruma, na atakataa kwa ukali zaidi kwa sababu anaona aibu.

Fedha pekee iliyoweza kunilipa ni ya mpangaji mwingine ambaye bado hajaingia. Nilipolielewa hilo, ombi langu likabadilika. Nikaacha kuomba kurudishiwa kodi, nikaomba ruhusa ya kumletea mtu.

"Mama," nilimwambia, "nikikuletea mpangaji ukamridhia, akakulipa, utanipa mimi miezi ile ambayo utakuwa umeipokea mara mbili? Na asipopatikana, sikudai kitu."

Alinyamaza, akatupa chenga uani, kuku wakazikimbilia. "Kodi mara mbili ya nyumba moja mimi siili," alisema. "Hiyo ni haramu. Lakini andika, mwanangu aione."

Niliandika usiku uleule, na barua hiyo ndiyo barua niliyoifikiria kuliko zote nilizowahi kuchapa. Nieleze nilivyoipanga.

Nilianza na tarehe, kwa sababu mwenye nyumba anapoambiwa "tunahama" kinachomtisha ni kutojua lini. Niliandika kwamba tutakabidhi nyumba tarehe 31 Oktoba saa kumi jioni, ikiwa tupu, imefagiliwa, sebule imepakwa rangi upya, bili ya maji ya DAWASA imelipwa hadi siku hiyo. Nikaandika kwamba ninatambua kifungu cha saba na kwamba sitadai kitu kwa kukipinga. Mstari huo uliniuma kuuandika, ila ndio uliomtuliza kijana wake. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Kisha pendekezo lenyewe, kwa hesabu. Mpangaji mpya atakayekubaliwa na Bi Mkubwa akiingia wakati wowote kabla ya tarehe 31 Januari, nitarudishiwa kodi ya siku zilizobaki kuanzia siku anayoingia, kwa shilingi 5,000 kwa siku, ambayo ni 150,000 kugawanywa kwa 30, na mwezi mzima uhesabiwe 150,000. Siku zote ambazo nyumba itakaa tupu ni hasara yangu, si yake. Nikaweka mfano: akiingia tarehe 1 Desemba na kulipa miezi mitatu, yaani 450,000 kwa Desemba, Januari na Februari, Bi Mkubwa atanipa 300,000 na kubaki na 150,000 ya Februari. Desemba na Januari alishazipokea kutoka kwangu mwezi Agosti. Nilichora hesabu hiyo kwa mistari mitatu kwenye karatasi, kwa sababu mtu akiona 300,000 inatoka mkononi mwake huhisi anapoteza, mpaka aone kwamba ni ile ya Agosti inayorudi kwa njia nyingine.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa la ugonjwa. Kijana wake aliniuliza kwenye simu, na sikumlaumu: "Nitajuaje kama ni kweli? Kesho na wengine watakuja na vyeti." Nilitaka kumpigia picha faili lote la mama nimtumie. Mama alikataa. Alisema ugonjwa wake uko mahali pa siri, na Magomeni ni pa watu wanaozungumza. "Mimi nitarudi kuishi hapa," alisema. "Sitaki niwe nasalimiwa kwa jina la ugonjwa."

Basi nikarudi kwa daktari na kumwomba barua fupi. Nilimweleza ni ya mwenye nyumba na haihitaji kutaja ugonjwa. Aliandika mistari minne: kwamba mgonjwa yuko chini ya matibabu yanayohitaji kuhudhuria hospitali siku tano kwa wiki kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba, kwa kipindi cha wiki tano hadi nane, kwamba hatakiwi kukosa siku, na kwamba anashauriwa kuishi karibu na hospitali kwa kipindi hicho. Mhuri, sahihi, tarehe. Hiyo ilitosha kabisa, kwa sababu mwenye nyumba anatakiwa kujua siku ngapi, kuanzia lini na kwa nini umbali ni tatizo. Jina la ugonjwa halimsaidii kuamua lolote. Niliambatanisha nakala na kubaki na ya asili, maana barua ya asili ikiishia kwenye droo ya mtu, siku ukiihitaji kazini au kwenye kikoba huna.

Tarehe 9 Oktoba tulisaini. Hapa nawasihi wanaosoma: kukubaliana kwa mdomo kwamba "sawa, hameni" hakutoshi, hata na mtu mwema kama Bi Mkubwa. Mkataba wa zamani bado unaishi kwenye karatasi, na siku mwenye nyumba akifariki au mtoto akichukua usimamizi, wewe unaonekana mtu aliyetoroka. Tuliandika ukurasa mmoja, tukauita Makubaliano ya Kusitisha Mkataba wa Pango. Ulitaja mkataba wa awali kwa tarehe yake, ukasema unakoma tarehe 31 Oktoba kwa ridhaa ya pande zote mbili, kifungu cha saba hakitatumika, na ukabeba ile hesabu ya kurudisha. Bi Mkubwa alisaini, mimi nikasaini, kijana wake akawa shahidi wa kwake na jirani yetu shahidi wa kwangu, mwenyekiti wa kitongoji akagonga mhuri. Nakala tatu.

Kumtafuta mpangaji kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Dalali wa mtaani alikuwa tayari, kwa kuwa kwa desturi yetu kodi ya mwezi mmoja anayochukua hulipwa na anayeingia, lakini wateja wengi wa Oktoba walitaka chumba kimoja, si nyumba nzima. Wiki ya tatu ya mwezi alikuja kijana mmoja aliyevaa vizuri. Hakutaka kuonana na Bi Mkubwa. Aliniambia atanipa mimi 350,000 taslimu, akae humo hadi mwisho wa Januari kama ndugu yangu, na mwenye nyumba asijue.

Nakiri nilitetemeka. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuulizia vyumba Dar na sikuwa na kitu. Lakini nilijua kilichokuwa nyuma ya maneno yale. Mkataba wetu, kama mingi, ulikataza kumpangishia mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kijana akiingia, mpangaji kwenye karatasi ni mimi: akivunja mlango ni mimi, akigoma kutoka Februari ni mimi, akikamatwa na vitu vya wizi, polisi wanaanza na jina lililo kwenye mkataba. Na mimi nitakuwa wodini namsubiri mama. Nilimkatalia, nikamwambia dalali asiniletee tena mtu asiyetaka kuonana na mwenye nyumba. Anayekwepa kuonana na mwenye nyumba siku ya kwanza atakwepa na siku ya kulipa.

Jambo jingine lililotaka kutukwamisha ni kwamba hela ya kurudishiwa huja mwishoni, na chumba cha Dar hulipwa mwanzoni. Kigamboni vyumba vilikuwa nafuu, na pantoni hushusha watu Feri, si mbali na hospitali, lakini nilimfikiria mama amesimama kwenye lile lango la kusubiria, jua la saa nne, kibofu kimejaa. Tukapata chumba Ilala kwa 120,000, mwenye nyumba akikubali miezi mitatu badala ya sita baada ya kuoneshwa ileile barua ya daktari. Shilingi 360,000. Nilikopa kwenye kikoba 400,000, nikijua kabisa kwamba huenda nisirudishiwe hata senti ya Bagamoyo. Kama ningepanga tuhame baada ya kupata mpangaji, mionzi ingeanza bila sisi.

Siku ya kukabidhi, tarehe 31 Oktoba, tulizunguka nyumba na Bi Mkubwa chumba kwa chumba. Nilipiga picha mita ya LUKU na dira ya maji, na kila ukuta. Kulikuwa na kioo kimoja cha dirisha kilichopasuka tangu tulipoingia, na sikuwa na picha ya mwanzo. Nililipa kioo. Uniti za umeme zilizobaki huwezi kuondoka nazo, zinakaa kwenye mita, kwa hiyo wiki mbili za mwisho nilinunua za elfu mbili mbili. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uwanjani. Bi Mkubwa alipomaliza kupokea funguo alikwenda kukaa naye, wakazungumza kwa sauti ndogo muda mrefu kuliko tuliotumia kukagua nyumba. Sijui mama alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku hiyo Bi Mkubwa hakuhitaji tena dalali amkumbushe. Alikuwa akiuliza mwenyewe msikitini na sokoni kama kuna mtu anatafuta nyumba.

Novemba nzima nyumba ilikaa tupu. Hiyo 150,000 ilipotea, na nilikuwa nimekubali kwa maandishi kwamba ni yangu. Mwisho wa mwezi akapatikana muuguzi aliyehamishiwa wilayani, mwenye watoto wawili. Hakuwa na ya miezi sita. Kijana wa Bi Mkubwa alitaka asubiriwe mwenye sita, na hapo ile mistari mitatu ya hesabu ndiyo ilifanya kazi, maana mfano niliouandika Oktoba ulikuwa wa miezi mitatu hasa, na mama yake alikuwa ameusaini.

Tarehe 2 Desemba, saa tano asubuhi, tulikuwa tunasubiri zamu ya mionzi ya 21. Mama alikuwa na chupa yake ya maji, anakunywa kwa kumeza kidogokidogo kama dawa. Simu ikaingia ujumbe: umepokea shilingi 300,000. Baada ya dakika chache Bi Mkubwa akapiga. Hakuzungumzia hela. Aliuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia nne baada ya hii, halafu za ndani. Akasema atahesabu pamoja nasi.

Mama alimaliza mionzi yote ndani ya wiki nane. Hakukosa hata siku moja ya mashine. Deni la kikoba lilikwisha Machi.

Nilipofungua tena steshenari, kazi ya kwanza niliyofanya ni kulifungua lile faili la zamani. Sikukifuta kifungu cha saba, maana wenye nyumba wana haki ya kujikinga na mtu anayehama kwa sababu ameona nyumba nzuri zaidi. Nimeongeza sentensi chini yake, na kabla sijachapa huwasomea wote wawili kwa sauti. Inasema: isipokuwa mpangaji au mtu wa kaya yake akiwa na ugonjwa unaomlazimu, kwa barua ya daktari, kuishi karibu na hospitali, mpangaji anaweza kusitisha mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja, na kodi ya muda uliobaki itarudishwa kuanzia siku mpangaji mwingine atakapoingia na kulipa.

Wengine hunyamaza, wengine huniambia niitoe. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja wa Dunda mwenye vyumba vinne vya kupangisha, pamoja na kijana fundi pikipiki na mkewe mjamzito. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mwezi mmoja ni mdogo," alisema. "Weka miezi miwili."

Fundi akamtazama mkewe. Mke akasema, "Mzee wangu, ugonjwa hautoi notisi ya miezi miwili."

Mzee alifikiri, akavaa miwani tena. "Weka mwezi mmoja. Lakini andika barua ya daktari iwe na mhuri."

Nikaongeza mhuri, nikachapa nakala mbili.